Kumwachisha avoka kazi na kurudishiwa dosie: barua moja haitoshi

Miaka saba nilikaa meza ya mbele katika kabine moja ya maavoka hapa Lubumbashi. Kazi yangu ilikuwa kupokea watu, kupiga kashe kwenye barua zinazoingia na kutunza kabati la dosie. Barua za wateja wanaomwachisha avoka kazi zilipita mikononi mwangu nyingi, na nyingi zilikuwa na kasoro ileile. Mteja ameandika kurasa mbili za hasira, amezileta mwenyewe, nimempigia kashe, ameondoka akiamini mambo yamekwisha. Huko mahakamani hakuna aliyeambiwa kitu.

Uzito wa kasoro hiyo niliuelewa ulipoingia nyumbani kwetu. Mama mdogo alikuwa na kesi ya parseli huko Katuba. Alinunua kwa warithi, akalipa, akajenga nyumba ya vyumba viwili, halafu mrithi mmoja akaiuza parseli ileile mara ya pili. Kesi ikafika TGI, yaani mahakama kubwa, tribunal de grande instance. Avoka wake (hakuwa wa kabine yangu) alikosa kuonekana mara mbili, simu akawa hapokei, basi mama mdogo akamwandikia kwamba kazi yao imeisha na kwamba anataka karatasi zake. Barua ilipigwa kashe vizuri kabisa. Wiki zikapita. Siku moja nilikuwa grefi, ofisi ya karani wa mahakama, kwa shughuli za kabine, nikamwomba karani anitazamie ile dosie. Akaniambia, "Hii ina hukumu, na imekwisha kupelekwa." Kupelekwa wapi? Kwa yule avoka aliyeachishwa. Wisie, mpeleka karatasi wa mahakama, aliyetumwa na upande wa pili alikuwa amefikisha hukumu katika kabine yake siku 22 kabla ya hapo, na katibu aliipokea kama kawaida. Katika kesi ya madai, muda wa kukata rufani ni siku 30, na kwa hukumu iliyotolewa pande zote zikiwa zimesikilizwa, siku hizo huanza kuhesabiwa pale hukumu inapofikishwa kwa mhusika. Zilikuwa zimebaki siku 8. Mama mdogo hakuwa na hukumu mkononi, dosie wala avoka.

Sababu ni neno moja dogo ambalo wateja wengi hawalijui: domisili. Avoka anapoingia kwenye kesi, katika karatasi zake huandika kwamba mteja "amechagua domisili" katika kabine ya Metre fulani. Maana yake ni kwamba kila karatasi ya mahakama inayomhusu mteja inaweza kupelekwa kwenye kabine hiyo, na sheria itahesabu kwamba mteja ameipata. Ukimwachisha avoka bila kuiondoa domisili kwake, karatasi zitaendelea kwenda kwake, na siku zitahesabiwa dhidi yako wewe unayelala Katuba bila habari.

Kwa hiyo andaa barua tatu: moja kwa avoka, moja kwa karani wa mahakama, na moja kwa upande wa pili. Lakini kabla ya kushika kalamu, kuna safari moja ya kufanya.

Anza na grefi

Nenda katika grefi ya mahakama yenye kesi yako ukiwa na kitambulisho na namba ya kesi. Katika kesi za madai, namba hiyo huanza na RC. Ikiwa rufani, RCA. Utaikuta juu ya karatasi ya wito, ile wisie aliyokuletea mwanzoni. Kama huna karatasi yoyote, mpe karani majina ya pande zote mbili atafute katika daftari. Wewe ni mhusika wa kesi, una haki ya kuuliza ilipofika.

Jambo kubwa la kujua ni hatua ya kesi. Kama bado inasikilizwa, andika tarehe ya kikao kinachofuata na uhesabu: ukibaki na siku nne tu, heri umtafute avoka mpya kwanza, naye aende kuomba kikao kiahirishwe ili asome dosie. Kama imeingia katika delibere, yaani majaji wanaandika hukumu, hakuna tena wa kukusemea kitu isipokuwa mahakama ikubali kufungua mjadala upya. Hapo barua ya karani ndiyo yenye haraka, kwa sababu hukumu inaweza kutoka wiki yoyote. Na kama hukumu imetoka, uliza jambo moja kabla ya mengine yote: imekwisha kufikishwa kwa mtu? Lini, na wapi? Kuanzia hapo hesabu siku zako 30. Katika kesi za jinai muda ni mfupi zaidi, siku 10, na kama hukumu ilitamkwa ukiwapo, zinahesabiwa tangu ilipotamkwa. Mwenye kesi ya jinai asisubiri barua yoyote: akate rufani kwanza, barua zitafuata.

Ukiwa hapohapo, tazama jina la anayekuwakilisha lilivyoandikwa. Watu wetu humwita kila mtu "Metre", lakini mwingine ni avoka wa baro, chama cha maavoka, na mwingine ni difenseri jidisieri, mtetezi aliyesajiliwa kwenye mahakama kubwa. Barua ya kumwachisha ni ileile. Inayobadilika ni ofisi ya malalamiko: avoka ana batonie, mkuu wa baro, na difenseri ana sendiki, mkuu wa watetezi hao. Nimeona mtu akipoteza wiki tatu kwa kumshitakia batonie mtu asiye wa baro.

Barua ya kwanza: kwa avoka

Makubaliano kati yako na avoka ni ya kumpa mtu mamlaka akutendee jambo kwa niaba yako. Sheria yetu ya mikataba, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inasema aliyetoa mamlaka anaweza kuyafuta wakati wowote anaotaka, na aliyepewa lazima atoe hesabu ya kazi yake na arudishe alichopokea kwa ajili ya kazi hiyo. Huombi ruhusa ya kuondoka, wala huna deni la kueleza sababu.

Tena nakushauri usizieleze. Najua moyo unataka. Lakini barua hii inaweza kusomwa na batonie, na siku moja hata na jaji. Ukiandika "ulikula pesa ya upande wa pili" bila ushahidi, wewe mwenyewe unafungua kesi nyingine. Ukiandika "ulikataa kusema kwamba ile risiti ya pili haina saini", umemfundisha adui yako mahali pa kupiga. Malalamiko yana barua yake, nitafika huko.

Hii ndiyo namna nilivyomwandikia mama mdogo mara ya pili:

> Lubumbashi, tarehe …
>
> Kwa Metre …, avoka katika baro ya Haut-Katanga
>
> Kuhusu: Mwisho wa uwakilishi na kurudishiwa dosie, RC …, TGI ya Lubumbashi, mimi dhidi ya …
>
> Metre,
>
> Ninakujulisha kwamba kuanzia siku utakapopokea barua hii, nimefuta mamlaka niliyokupa ya kuniwakilisha katika kesi iliyotajwa hapo juu, pamoja na prokirasyo niliyokutilia saini tarehe …
>
> Domisili niliyokuwa nimeichagua katika kabine yako nimeiondoa. Karatasi yoyote ya mahakama itakayofika kwako kwa jina langu baada ya leo, tafadhali nijulishe siku hiyohiyo kwa simu namba …
>
> Ninakuomba unirudishie dosie yangu nzima katika siku nane, pamoja na karatasi za asili zilizo katika orodha iliyoambatanishwa. Nitakuja mwenyewe kuzichukua siku utakayonipa, au nitamtuma … mwenye kibali changu cha maandishi.
>
> Ninaomba pia hesabu ya pesa nilizokupa, ya malipo yako na ya gharama za mahakama, pamoja na risiti za gharama hizo.
>
> Tafadhali usifanye jambo lingine lolote kwa jina langu katika kesi hii, wala kufanya mapatano na upande wa pili.
>
> Pokea, Metre, salamu zangu za heshima.
>
> Jina, anwani, simu, saini

Maneno "kuanzia siku utakapopokea barua hii" yamewekwa kwa makusudi. Ukiandika "kuanzia mwisho wa mwezi", umeacha wiki mbili za giza ambamo bado ana mamlaka yako. Siku nane nazo si amri ya sheria. Ni muda ambao watu wa kazi hiyo wamezoea kuuona kwenye barua, unatosha kutafuta dosie kabatini, na ni mfupi vya kutosha kuonyesha kwamba unahesabu. Ombi la kukujulisha karatasi zitakazofika baada ya barua ni kinga ya makosa ya kila siku: katibu wa mapokezi hajui nani ameachishwa, anapokea tu. Mimi mwenyewe nilipokea za namna hiyo.

Lugha? Barua ya avoka unaweza kuiandika kwa Kiswahili, ataisoma. Zile za karani na za batonie ziandike kwa Kifaransa, kwa sababu dosie zao zote ziko katika lugha hiyo na barua ya Kiswahili itakaa pembeni ikisubiri mtu. Kama Kifaransa chako ni cha kubahatisha, mtafute anayekiandika vizuri, kisha akusomee kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi kabla hujatia saini.

Orodha ya karatasi

Hii ndiyo sehemu ambayo watu huifanya kwa dakika mbili na kuijutia kwa miaka. Ukiomba "dosie yangu" tu, utapewa bahasha yenye fotokopi za wito na nakala za konklizyo mbili, yaani hoja za maandishi, na avoka atakuwa amejibu ombi lako. Omba kila karatasi kwa jina lake, na useme ni ya asili au ni fotokopi.

Kaa chini na ukumbuke siku ulipomfikia mara ya kwanza ulikuwa na nini mkononi. Mama mdogo alikuwa amebeba mfuko wa plastiki wenye hati ya mauzo ya asili iliyotiwa saini na warithi watatu, risiti nne za malipo, fishi ya parseli kutoka komini, na barua ya mkuu wa kata. Baadaye alipeleka picha za nyumba. Hizo zote ni zake, na ile hati ya mauzo haina nyingine duniani. Hizo ziwe za kwanza kwenye orodha. Mwenye sertifika ya asili iliyotolewa na konservateri wa hati za ardhi aiandike juu kabisa, pamoja na namba yake.

Kundi la pili ni karatasi za kesi yenyewe: wito, karatasi zote zilizoletwa na wisie, konklizyo za pande zote mbili, vipande, yaani karatasi za ushahidi, vilivyoletwa na upande wa pili, nakala za hukumu. Kama umeshinda na hukumu imetoka, uliza kuhusu groso, ile nakala ya hukumu yenye nguvu ya kutekelezwa. Hiyo ndiyo wisie anayoihitaji ili aende kumtoa mtu kwenye nyumba, na kupata ya pili si kazi ya siku moja. Kundi la tatu ni risiti za konsinyasyo, pesa zilizowekwa grefi kwa ajili ya gharama.

Kuna vitu ambavyo hutapewa, usipoteze nguvu kuvigombania. Maandishi ya mkono ya avoka, yale anayojiandikia akifikiri kuhusu kesi, ni yake. Na barua za siri ambazo maavoka wa pande mbili huandikiana wao kwa wao, kwa kawaida hazipewi wateja. Zikihitajika, avoka mpya atazungumza na mwenzake.

Kwa nini nasisitiza karatasi za asili? Kwa sababu katika mahakama zetu avoka aliyebeba vipande vya mteja huaminiwa kwamba ametumwa na mteja huyo. Mtu uliyemwachisha, akibaki na dosie yako kwapani, anaweza kusimama mbele ya jaji ambaye hajaiona barua yako na kusema kwa jina lako, na atasikilizwa.

Barua ya pili na ya tatu

Kanuni ya mamlaka ina upande mwingine. Kuyafuta na kumwambia aliyepewa peke yake hakuwafungi watu wengine wasiojua. Kama upande wa pili umefanya naye mapatano kwa nia njema siku tatu baada ya barua yako, bila kujua kwamba umemwachisha, unaweza kujikuta umefungwa na mapatano hayo. Ndiyo maana karani na upande wa pili lazima waambiwe.

Lakini usiwapelekee nakala ya barua ya avoka. Nimeona wengi wakifanya hivyo kwa kuokoa fotokopi, na ni kosa. Barua ya avoka ina orodha ya karatasi zako za asili na maswali ya pesa. Ukiiweka katika dosie ya mahakama, avoka wa upande wa pili ataisoma, na atajua kwamba leo huna hati ya mauzo mkononi. Karani mwandikie mistari michache tu:

> Kwa Bwana Karani wa TGI ya Lubumbashi
>
> Kuhusu: RC …
>
> Ninakujulisha kwamba Metre … haniwakilishi tena katika kesi hii tangu tarehe … Domisili niliyoichagua katika kabine yake nimeiondoa. Kuanzia sasa karatasi zote ziletwe kwangu, avenyu …, namba …, kata …, komini ya Katuba, simu …, hadi nitakapokujulisha jina la avoka mpya. Ninaomba barua hii iwekwe katika dosie.

Anwani iandike kwa ukamilifu. Wisie akifika avenyu yenye namba mbili zinazofanana, na hapa zipo, karatasi itaishia mahali usipopajua. Ongeza alama: "nyuma ya shule", "geti la bluu". Si utoto, karatasi ya mahakama inatafuta geti.

Barua ya upande wa pili ina maneno yaleyale, na mpelekee avoka wao katika kabine yake, si yeye nyumbani. Ukienda nyumbani kwa mtu unayeshitakiana naye, hata na bahasha, maneno yataanza.

Kama ulikuwa umempa avoka prokirasyo inayokwenda mbali zaidi ya kesi, kwa mfano kupokea pesa kwa niaba yako au kufuatilia hati kwa konservateri, kila ofisi yenye nakala yake ipewe barua ya namna hiyo. Na ile ya asili uidai irudi.

Kufikisha

Kila barua chapisha mara mbili. Moja inabaki, nyingine inarudi na wewe ikiwa na kashe, tarehe, jina la aliyepokea na saini yake. Kashe isiyo na tarehe haina kazi. Soma kabla ya kuondoka mezani. Katibu mwenye haraka hupiga kashe ya tarehe ya jana kwa sababu hajaigeuza.

Akikataa kupokea, usigombane. Katibu wa namna hiyo mara nyingi ameambiwa na bosi wake asipokee, hata yeye hana la kufanya. Niliwahi kuambiwa hivyo. Nenda kwa wisie wa mahakama, umlipe, aipeleke barua kwa karatasi yake rasmi. Hata wakikataa mlangoni, ataandika kwamba alifika saa fulani, akamkuta fulani, akakataa, na maandishi yake yanaaminika. Ujumbe wa WhatsApp utume pia, pamoja na picha ya barua, kwa sababu zile alama mbili husaidia kuonyesha kwamba alijua. Ila usiutegemee peke yake.

Siku ya kuchukua dosie

Nenda na mtu mmoja anayejua kusoma taratibu, na nakala ya orodha yako. Avoka atakutolea bahasha na karatasi ya kutia saini, dekaji, mara nyingi yenye sentensi moja: "Nimepokea dosie yangu yote na sina dai lolote." Usiitie saini hivyo. Omba mahali pa kukaa, toa karatasi moja moja, weka alama kwenye orodha yako. Kisha kwenye dekaji andika kwa mkono wako vitu ulivyopokea na vile ambavyo havimo, ndipo utie saini. Maneno "sina dai lolote" yakate kwa mstari mmoja kama hesabu ya pesa bado.

Kwa mama mdogo tulikaa karibu saa nzima. Risiti zilikuwa tatu, si nne. Fishi ya parseli ilikuwa fotokopi, ya asili haipo. Hati ya mauzo haikuwamo kabisa. Avoka akasema kwa utulivu kwamba aliiweka mahakamani pamoja na vipande vingine. Hilo linaweza kuwa kweli, maana vipande huwekwa mbele ya majaji kesi inapoingia delibere. Kwa hiyo tuliandika kwenye dekaji: "Hati ya mauzo ya asili haimo. Metre anasema iko katika dosie ya mahakama." Akasita, akasoma mara mbili, akatia saini yake pembeni. Mstari huo ulikuwa na thamani kuliko bahasha nzima.

Akidai pesa kwanza

Jibu ambalo utalisikia mara nyingi ni hili: "Unimalizie malipo yangu, nitakupa dosie." Kama kweli unadaiwa kwa kazi iliyofanyika, lipa au mpangie muda, kwa barua ya pekee, na uchukue risiti. Kumwachisha avoka hakufuti deni la kazi aliyokwisha kufanya. Tena avoka mpya, kwa adabu ya kazi yao, atampigia mwenzake simu na kumuuliza kama ameridhishwa kabla ya kuishika kesi, kwa hiyo deni hilo litakufuata hata huko.

Lakini kama hesabu yake huikubali, usiifanye mnada mlangoni. Ugomvi wa malipo ya avoka una mahali pake: unapelekwa kwa batonie, na Baraza la Orda, baraza la baro, ndilo lenye kupima kama malipo yanalingana na kazi. Mwandikie batonie wa baro ya Haut-Katanga barua ya ukurasa mmoja. Eleza kwa tarehe tu: siku hii nilimpa kazi, siku hii nilimwandikia, siku nane zimepita, karatasi hizi sijapewa. Ambatanisha nakala yenye kashe, orodha, na risiti za pesa ulizolipa. Omba mambo mawili: dosie irudi sasa kwa sababu kesi ina tarehe, na malipo yapimwe baadaye. Ukiyachanganya, dosie itasubiri hesabu. Kama kuna kikao au muda wa rufani unaokaribia, tarehe hiyo iwe katika mstari wa kwanza, si wa mwisho.

Kwa kawaida batonie humwita avoka na kumtaka aeleze, na mara nyingi dosie hutoka hapohapo, kwa sababu hakuna anayependa kwenda mbele ya Baraza, ambalo linaweza kumwonya, kumkaripia, kumsimamisha au kumfuta kabisa. Ndugu wengi wa hapa hupenda kuanzia parke, "nitamfunga huyu". Anzia kwa batonie. Parke itafungua dosie nyingine, wakati wewe unatafuta ile ya kwanza.

Mama mdogo hakufika kwa batonie. Rufani tuliiwahi siku ya 27: avoka mpya alipata nakala ya hukumu grefi, bila kungoja bahasha ya mtu, akaenda kutoa tamko la rufani katika grefi ya Mahakama ya Rufani. Barua kwa karani, ile ambayo haikuandikwa mara ya kwanza, ilipokelewa asubuhi hiyohiyo. Hati ya mauzo tuliikuta wiki mbili baadaye katika dosie ya TGI, kama avoka alivyosema, imebanwa nyuma ya picha za nyumba. Risiti ya nne hadi leo haijaonekana. Imeandikwa kwenye ile dekaji kwamba haimo, na saini ya avoka iko pembeni.